"İki Çay, Lütfen": Kweli na Uongo wa Kuagiza Chai kwa Kituruki

Pale njia panda ya Kibwezi, barabara ya Kitui inapojitenga na ile ya Mombasa, kuna kibanda cha chai ambacho madereva wa trela wanakijua kuliko wanavyoijua stendi. Hapo ndipo jirani yangu, mama anayeuza nguo sokoni, aliponiwekea kijitabu mezani. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda Istanbul kununua mali mtaa wa Laleli, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hujaza mabegi yao. Kwenye kijitabu kulikuwa na mazungumzo mafupi baina ya msafiri na mwenye nyumba ya chai, naye alishayakariri.

"Sikiliza," akaniambia, akayasoma yote bila kuvuta pumzi.

Mimi niliwahi kuishi Istanbul, na kusoma kwake hakukuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kwenye mambo aliyoyaamini kuhusu mazungumzo hayo. Mengine aliyasikia sokoni, mengine yalitoka kwa dereva aliyekaa meza ya pili, ambaye hajawahi kuvuka Malaba lakini hakosi neno. Tulianza kubishana chai ikiwa moto tukamaliza imepoa. Mazungumzo yenyewe haya hapa, nimeyarekebisha kidogo yafanane na yanavyosemwa kweli:

— Merhaba, kolay gelsin.
— Hoş geldiniz, buyurun.
— Hoş bulduk. İki çay, lütfen. Biri açık olsun.
— Tabii. Başka bir şey?
— Bir de su.

Baada ya kunywa:

— Bakar mısınız? Borcumuz ne kadar?
— Elli beş lira.
— Buyurun. Elinize sağlık.
— Afiyet olsun.

Kwa Kiswahili: Habari, kazi iwe nyepesi. Karibuni, mnataka nini? Tumeshakaribia; chai mbili tafadhali, moja iwe hafifu. Bila shaka, kingine? Na maji pia. Kisha: Samahani, tunadaiwa ngapi? Lira hamsini na tano. Shika hizi, mikono yenu isalimike. Iwashukie vizuri.

Herufi zisikutishe. "Ç" ni ch yetu na "ş" ni sh yetu. "C" peke yake husomwa j. "Ğ" haitamkwi, huivuta tu irabu iliyotangulia, kwa hiyo "sağlık" husikika kama "saalik". Taabu ipo kwenye irabu tatu tusizokuwa nazo. "Ü" ni i inayotamkwa midomo ikiwa imechongwa kama ya u, na "ö" ni e ya namna hiyohiyo. "I" isiyo na nukta husemwa ulimi ukiwa umerudi nyuma, kama mtu aliyeanza kusema i akaghairi.

"Chai ni chai, ukisema çay utaletewa kama hii yetu."

Si kweli, na hili ndilo linalowashangaza Wakenya wengi siku ya kwanza. Neno ni lilelile. Letu na lao yote yametoka China, yakapitia Uajemi. Kinywaji ndicho tofauti. Mama wa kibanda hutia maji, maziwa na majani kwenye sufuria moja, huchemsha mpaka yapande, huchuja, kisha hujaza chupa. Ndani ya chupa chai yote ni moja: kikombe cha kwanza na cha kumi havitofautiani.

Mturuki hutumia birika mbili zilizopandana, ziitwazo "çaydanlık". Ya chini ina maji matupu yanayochemka. Ya juu, ndogo, ina majani yaliyomwagiwa maji ya moto, nayo haikai juu ya moto bali juu ya mvuke wa ile ya chini. Majani hukaa humo kama dakika 15 bila kuchemka hata mara moja. Kinachopatikana ni chai kali mno, isiyonyweka hivyohivyo, iitwayo "dem". Mtu akiagiza, mwenye duka humimina dem kidogo kwenye glasi kisha huongeza maji ya moto kutoka birika ya chini. Glasi ya kawaida huwa dem theluthi moja na maji theluthi mbili.

Hapo ndipo maana ya "biri açık olsun" inapoonekana. Kwenye kijitabu chake neno hilo halikuwemo kabisa, na bila hilo mazungumzo yana pengo. Kwa kuwa kila glasi huchanganywa peke yake, kila mnywaji anaweza kuwa na yake. "Açık" ni chai iliyowekwa dem kidogo na maji mengi. "Demli" ni iliyokolea. Ile iliyopata rangi sawasawa, nyekundu inayopitisha mwanga, huitwa "tavşan kanı", yaani damu ya sungura. Jirani yangu alikunja uso aliposikia, ila hilo kwao ni sifa.

Rangi hiyo pia ndiyo kipimo cha kujua kama unauziwa chai iliyolala. Inua glasi uitazame kwenye mwanga. Dem iliyokaa saa nyingi hugeuka kuwa ya kahawia iliyofifia, haipitishi mwanga vizuri, na huacha uchungu kwenye ulimi hata ikiongezwa maji. Hiyo ni "bayat". Unaweza kuuliza, "Taze mi?", yaani ni mpya? Swali hilo halimchukizi mtu, na mwenye chai mpya atalijibu kwa fahari.

Na maziwa je? Dereva alisema ukiongeza neno "sütlü", la maziwa, mambo yamekwisha. Kwenye kahawa za kisasa huenda yakaisha. Kwenye nyumba ya chai ya kawaida maziwa hayapo, na ukiyaomba utatazamwa kama mtu aliyeomba pilipili kwenye uji. Chai ya Kituruki ndiyo strungi yetu, tofauti ni kwamba wao hawaichukulii kuwa chai ya mwisho wa mwezi. Vipande viwili vya sukari huja kwenye kisahani, unakoroga mwenyewe.

Glasi yenyewe ni ndogo, imebanwa kiunoni, haina mkono, na hubeba kama mililita 100. Kikombe cha kibandani Kibwezi kinaingiza mbili na kubaki nafasi. Kwa hiyo usistaajabu kuona mtu mmoja akinywa tano, wala usidhani glasi moja itakutosha kushushia mkate.

"Waturuki wamekunywa chai tangu enzi za masultani."

Si kweli, ingawa hata Waturuki wengine wangekubishia. Kinywaji cha masultani kilikuwa kahawa, iliyofika Istanbul katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ilitoka Yemen, iliyokuwa sehemu ya dola yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia dola ilivunjika, Yemen ikaondoka, na kahawa ikawa kitu cha kununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Mwaka 1924 serikali mpya ilipitisha sheria ya kuhimiza kilimo cha chai mkoani Rize, kwenye pwani ya mvua ya Bahari Nyeusi. Mbegu zilitoka Batumi, ng'ambo ya mpaka, na kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Rize mwaka 1947.

Linganisha na kwetu, ambako miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kwenye mashamba sisi ndio wakubwa wao. Nilipolisema hilo, mama wa kibanda alicheka akasema basi Waturuki watuamkie.

"Ukijua Kiswahili, nusu ya mazungumzo hayo unayajua."

Hili ni nusu kweli. Kiswahili na Kituruki si ndugu, ila zote zimekopa kwa Waarabu na Waajemi, na maneno ya chai na biashara ni miongoni mwa yaliyokopwa. "Kahve" ni kahawa na "şeker" ni sukari. "Fincan" ni finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa cha pwani. "Hesap" ni hesabu, na ndiyo bili: "Hesap, lütfen" inatosha kabisa ukiwa umekaa mezani. "Teşekkür ederim", asante, ina shukrani ndani yake. "Dakika" haijabadilika hata herufi, kwa hiyo mhudumu akikwambia "bir dakika" umeshaelewa usubiri.

Lakini undugu wa maneno una mitego. "Merhaba" inafanana na marahaba, na jirani yangu alikataa katakata kuanza nalo. "Nitajibuje shikamoo ambayo sijapewa?" aliuliza. Kwa Kituruki ni salamu ya kawaida, ya kuanza na ya kujibu, kwa mkubwa na kwa mdogo, wala haina ukubwa ndani yake.

Mtego mbaya zaidi ni "kaka". Kibandani Kibwezi kijana akipita na birika unamwita kaka, wala hakuna atakayegeuka. Istanbul neno hilo ni la watoto wadogo, na maana yake ni kinyesi. Mwanamume aliyekuzidi umri kidogo mwite "abi", kaka mkubwa; mwanamke mwite "abla", dada mkubwa. Kama hujui umri, "Bakar mısınız?" hutosha. Tafsiri yake ya moja kwa moja ni "mtatazama?", na ni adabu kuliko kupiga mluzi au kugonga glasi.

Kuna maneno mawili ambayo hayana mwenzake kamili kwetu. "Hoş geldiniz" husemwa na mwenyeji, na jibu lake ni moja tu, "hoş bulduk", kama shikamoo isivyojibiwa ila kwa marahaba. Ukisema asante badala yake hukumkosea mtu, lakini umejulikana mgeni. "Buyurun" nalo ni la pande zote. Mwenyeji hulisema kukukaribisha, hulisema tena kukuuliza unataka nini, na wewe hulisema unapomkabidhi pesa. Karibu yetu inafanya kazi mbili za mwanzo. Ya tatu haiwezi.

"Ukiweza kuuliza bei, umemaliza."

Si kweli, na kwa maoni yangu hapa ndipo vijitabu vyote hukosea. Kuuliza ni sekunde moja. "Ne kadar?" ni ngapi? Wenyeji husema pia "Borcum ne kadar?", deni langu ngapi, na mkiwa wengi "borcumuz". Hata huku watu huuliza "unanidai ngapi?", kwa hiyo wazo si geni. Kazi ni jibu, kwa sababu litatoka haraka, kutoka kwa mtu mwenye trei mkononi anayetazama meza nyingine.

Nilimfanyisha jirani yangu zoezi kwa bei za kubuni: chai lira 20 kila moja, maji lira 15. Chai mbili ni "kırk", 40. Ukiongeza "on beş", 15, unapata "elli beş", 55. Angalia kwamba hakuna "na" katikati: Mturuki husema hamsini tano, kumi tano. Mia ni "yüz" tupu, bila moja mbele yake. Mia moja hamsini na tano ni "yüz elli beş", maneno matatu yaliyofungwa pamoja, na sikio la mgeni hushika la mwisho tu. Ndiyo maana mtu aliyesikia "beş" hutoa tano akabaki akishangaa anavyotazamwa.

Makumi yenyewe yana jozi za kuchanganya. "Sekiz" ni 8, "seksen" ni 80. "Dokuz" ni 9, "doksan" ni 90. "Altı" ni 6, "altmış" ni 60. "Yedi" ni 7, "yetmiş" ni 70. Sikiliza mwisho wa neno, si mwanzo. Ukiona umepotea, usikubali kwa kichwa huku ukitoa noti kubwa. Sema "Yazar mısınız?", mtaandika? Atakuandikia kwenye karatasi au kukuonyesha kwenye simu.

Kwa hesabu yetu ya 55, ukitoa noti ya 100 unasubiri "kırk beş", 45. Chenji huitwa "para üstü". Ukitaka kumwachia unasema "üstü kalsın", inayobaki ibaki. Hiyo ni bakshishi, na wao huiita "bahşiş".

Jambo moja dogo la sarufi: baada ya namba, jina halibadiliki. "Bir bardak", "iki bardak", "on bardak". Sisi tuna kikombe na vikombe, kwa hiyo ulimi wetu hutaka kuongeza kitu. Jirani yangu alikuwa akisema "iki çaylar". Ataeleweka, ila ni kama mtu aseme kwetu "kikombe viwili".

"Bei iliyoandikwa kwenye kitabu ndiyo bei."

Uongo mtupu. Msafiri wa kijitabu chake alilipa chai kwa lira mbili. Kuna vitabu vya zamani zaidi ambamo glasi moja ni mamia ya maelfu, na havikukosea: mpaka mwisho wa 2004 ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 1 Januari 2005 serikali ilifuta sufuri 6, lira milioni moja za zamani zikawa lira moja mpya. Ukikuta neno "milyon" kwenye mazungumzo ya chai, jua kitabu ni cha kabla ya hapo.

Tangu hapo lira imeshuka tena. Oktoba 2022, kwa takwimu za serikali yenyewe, bei zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 85 ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo usijifunze bei, jifunze namba. Na kabla ya kukaa, hasa karibu na misikiti mikubwa na vivuko vya watalii, tafuta orodha ya bei, "fiyat listesi", ukutani au mlangoni. Glasi ileile mitaa miwili nyuma huwa nafuu.

"Kule kila kitu kinapatanwa, hata chai."

Si kweli. Hili alilisema dereva kwa uhakika mkubwa. Zulia hupatanwa, begi la ngozi hupatanwa, na mali ya jumla ya Laleli ndiyo kabisa. Chai haipatanwi, kama vile hakuna anayembembeleza mama wa kibanda apunguze shilingi tano kwenye kikombe. Ukimwambia mwenye nyumba ya chai "pahalı", ghali, anaweza kukubaliana nawe kwa huzuni na bei isishuke.

Lililo kweli ni kwamba chai nyingi utakayokunywa hutailipia. Ukiingia dukani kukagua nguo, mwenye duka atapiga kelele mlangoni na kijana atakuja na trei inayoning'inia. Hiyo ni "ikram", neno lenye mzizi mmoja na ukarimu na takrima yetu. Jirani yangu aliogopa: akiinywa, je, amefungwa kununua? Hapana. Kunywa, shukuru, ondoka. Kukataa glasi ya kwanza ndiko kunakohitaji maelezo. Watu wa huku wanapaswa kulielewa hilo haraka, maana tuna hekalu la Makalasinga pale Makindu, mwendo mfupi tu, ambako msafiri yeyote hupewa chai na chakula bila kuulizwa dini wala pesa.

Ila usiulize "ne kadar?" kwa chai ya ikram. Hapo umemvunjia heshima. Ukiwa huna hakika, ngoja usikie "bizden", inatoka kwetu.

"Mwanamke anaingia nyumba yoyote ya chai."

Kweli kwa sheria, si kweli kwa desturi. Ile nyumba ya mtaani iitwayo "kahvehane" au "kıraathane" ni baraza la wanaume, wazee kwa vijana, karata na televisheni. Mwanamke mgeni hatafukuzwa, atahudumiwa, lakini macho yote yatakuwa kwake. Jirani yangu alisema macho hayamnyimi usingizi, sokoni amezoea. Hata hivyo nilimwandikia "çay bahçesi", bustani ya chai, ambako familia hukaa chini ya miti na hakuna anayehesabu nani ameingia. Neno "aile", familia, kwenye kibao ni dalili nzuri zaidi.

"Ukiweka kijiko juu ya glasi, hawatakuongeza."

Kweli. Chai huja tena bila kuagizwa, hasa ukiwa nyumbani kwa mtu. Ukikilaza kijiko juu ya mdomo wa glasi unasema umetosheka. Ila kwenye duka lenye shughuli nyingi huenda mhudumu asikione, kwa hiyo ongeza "yeter, sağ olun", yatosha, asanteni.

Jirani yangu alijaribu papo hapo. Alilaza kijiko juu ya kikombe, akanyoosha mgongo. Mama wa kibanda alikuja na chupa, akakiondoa kijiko, akaongeza chai.

Tulipoinuka tulikuwa tumekunywa chai mbili, za nyongeza mama wa kibanda akakataa kuzihesabu, na chapati mbili.

"Ne kadar?" jirani yangu aliuliza.

"Wewe nawe! Chai sitini, chapati arobaini," mama alijibu.

Jirani yangu akafumba macho kidogo, akahesabu kwa midomo. "Altmış. Kırk," alisema, kisha akatoa noti ya mia. "Yüz. Buyurun."

"Sema 'bir yüz'," dereva alimsahihisha kutoka meza ya pili.

Hakugeuka hata kumtazama.